Kushitaki kwa niaba ya kijiji wakati wewe hujapoteza kitu

"Wakuu, naishi Dodoma mjini. Kijijini kwa shemeji zangu malori yanazoa mchanga korongoni na visima vinakauka. Sina shamba wala nyumba kule. Naweza kufungua kesi kwa niaba yao, au nitaambiwa hainihusu?"

Mkuu, unaweza, ila chagua vizuri mlango wa kuingilia. Mimi niliingilia mlango usio wangu na nikapoteza miezi minane.

Kwetu lilikuwa korongo la upande wa Chamwino. Unajua hali ilivyo: kiangazi juu hakuna tone, lakini kina mama wanachimba mchangani na maji yanakuja. Mchanga ule ndio tangi la kijiji. Ujenzi wa mjini ulipopamba moto malori yakaanza kuuzoa. Niliumia rohoni, na niliumia kweli, lakini mahakamani hilo halihesabiki kuwa hasara.

Wakili wa kwanza aliniandika kama mwakilishi wa wanakijiji, akitumia Amri ya 1 Kanuni ya 8 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai. Kanuni hiyo inamruhusu mtu mmoja kusimama kwa ajili ya wengi, lakini awe na maslahi yaleyale waliyo nayo, aombe kwanza kibali cha mahakama, na wengine wote wapewe taarifa, hata kwa tangazo. Mimi sikuwahi kuchota maji pale. Upande wa pili ukaleta pingamizi la awali, na shauri likaondolewa kabla hata kisima kutajwa. Bahati yetu liliondolewa tu, halikuamuliwa kwa hoja zake, kwa hiyo tuliruhusiwa kurudi na hati mpya.

Safari ya pili tuliingilia kifungu cha 5 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Hapo maneno ni "kila mtu": mazingira yakitishiwa, mtu yeyote anaweza kumshitaki yule ambaye kitendo chake kinadhuru au kinaelekea kudhuru afya ya watu au mazingira. Unaweza kuomba kitendo kisimamishwe, ofisa wa umma alazimishwe kuchukua hatua, au shughuli ifanyiwe ukaguzi wa mazingira. Usichoweza ni kudai fidia ya ng'ombe wa mtu mwingine. Kwa sababu hiyo tuliwaunganisha kina mama wanne wachota maji kama wadai wenzangu; fidia wakadai wao, mimi nikaomba zuio.

Wengi watakutajia ibara ya 26(2) ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kuchukua hatua kulinda Katiba na sheria. Ina historia hapahapa Dodoma: katika kesi ya Mchungaji Mtikila, Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu aliamua mwaka 1994 kwamba ibara hiyo inabeba pia mashauri ya maslahi ya umma. Lakini njia ya Katiba ni ya kupinga sheria au kitendo kinachovunja haki za msingi, na marekebisho ya sheria yaliyofanyika mwaka 2020 yaliweka sharti la kueleza kwa kiapo ulivyoathirika wewe binafsi. Sharti hilo nalo limepingwa mahakamani, basi muulize wakili lilivyo siku unayofungua. Kwa malori ya mchanga, njia hiyo ni ndefu bila sababu.

Kilichotubeba ni ushahidi. Mama mmoja alikuwa anafunga fundo kwenye kamba ya ndoo kila mwezi, pale maji yanapoanzia. Kuanzia Juni hadi Septemba mafundo yalishuka karibu kimo cha mtu mzima. Wakili wa kampuni akasema kiangazi maji hushuka kila mwaka, na kusema kweli ni hoja nzito. Tulimjibu kwa kamba nyingine, ya kisima cha juu ya korongo ambako lori halijafika: pale maji yalishuka mikono miwili tu. Anza kupima sasa, visima viwili, kamba mbili, tarehe imeandikwa, na anayepima awe tayari kuapa.

Jihadhari na jambo moja. Ukimuunganisha halmashauri kwa kuwa ilitoa kibali, lazima umpe notisi ya siku 90 na umuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri liende Mahakama Kuu. Katika siku 90 malori yanamaliza korongo. Sisi tulianza na kampuni peke yake, tukaomba zuio la muda wiki ileile.

Kesi haikufika hukumu. Tulisaini makubaliano, mahakama ikayasajili kuwa amri yake: kampuni iondoke kwenye kipande cha visima na isirudi. Nakala ya amri ile iko kwa mwenyekiti wa kijiji. Lori moja liliporudi usiku aliitoa, dereva akaisoma kwa tochi ya simu na kugeuza.

Una mtu kule wa kuanza kupima wiki hii?