Picha ya taarifa ya benki: liachie salio kazi ya kuhukumu

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba alipiga picha ukurasa wa taarifa yake ya benki, akaupitisha kwenye programu ya kusoma maandishi, akabandika matokeo kwenye jedwali. Jumla ya matumizi ikatoka kubwa kuliko pesa zote alizowahi kuwa nazo. Mshahara wake ulikuwa umehesabiwa kama matumizi. Sikushangaa, kwa sababu kosa hili hutokea karibu kila mara mtu anapochukua maandishi matupu na kusahau mahali yalipokuwa yamekaa.

Kwenye karatasi, kinachoonyesha kwamba 6,300.00 imeingia au imetoka ni safu iliyomo, basi. Tarakimu zenyewe hazisemi lolote. Programu ikitoa mistari ya maneno tu, safu ya debiti, yaani pesa iliyotoka, na ya krediti, yaani iliyoingia, hugandana na hiyo dalili moja hupotea. Kwa hiyo usiombe maandishi, omba maandishi pamoja na mahali pake. Kwa Tesseract, ambayo ni ya bure, amri ni hii:

```
tesseract ukurasa.png matokeo --psm 6 tsv
```

Faili la `matokeo.tsv` litakuwa na kila neno, na kando yake `left`, `top`, `width`, `height` na `conf`, yaani uhakika wa usomaji. Hiyo `--psm 6` huiambia programu ichukulie ukurasa kuwa kipande kimoja cha maandishi. Bila hiyo, mara nyingi huukata ukurasa kwa safu, ukapata tarehe zote kwanza, kisha maelezo yote, kisha pesa zote.

Tarakimu za pesa hupangwa zikiegemea kulia, kwa hiyo usitazame `left`. Jumlisha `left` na `width` upate ukingo wa kulia. Tuseme picha ina upana wa pikseli 2,480, ambao ni A4 kwa 300 dpi, na debiti zinaishia karibu na 1,640, krediti 1,960, salio 2,300. Weka mpaka katikati: chini ya 1,800 ni debiti, kati ya 1,800 na 2,130 ni krediti, zaidi ya hapo ni salio. Vipimo hivi ni vya mfano huu. Vyako vipime kwenye ukurasa wako.

Hapa ndipo picha iliyopinda inapoharibu kazi. Mpindo wa digrii 1 tu huusogeza mwisho wa mstari kama pikseli 43 juu au chini, na mistari yenyewe huweza kuachana kwa pikseli 50 hivi. Tarehe ya muamala mmoja inaanza kukutana na salio la muamala wa jirani. Ukifika digrii 3, kutoka juu ya ukurasa hadi chini safu zimehama kama pikseli 180, na debiti ya chini inavuka ule mpaka wa 1,800. Piga picha ukiwa juu kabisa ya karatasi, kisha tumia programu ya skana ya simu inayonyoosha pembe nne kabla ya kusoma chochote. Kivuli cha mkono wako nacho kisiguse tarakimu.

Sasa jedwali. A ni tarehe, B maelezo, C kundi, D debiti, E krediti, F salio. Mstari wa 2 uwe na salio la kuanzia peke yake. Maelezo yakivuka hadi mstari wa pili usio na tarehe wala pesa, yaunganishe na yaliyo juu yake. Salio lenye DR kando yake kwa kawaida ni deni, liandike kwa alama ya kutoa. Safu ya G, kuanzia mstari wa 3, ndiyo yenye kazi yote:

```
=ROUND(F2-D3+E3-F3,2)
```

Ikitoa 0, mstari umesomwa sawa. Isipotoa 0, tofauti yenyewe itakwambia ugonjwa ni upi, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa mapema mno, wakaanza kukagua tarakimu moja moja kama wanaochambua mchele.

Chukua ukurasa huu. Salio la kuanzia ni 84,200.00. Mshahara unaingiza 450,000.00, salio 534,200.00. Kodi ya nyumba inatoa 180,000.00, salio 354,200.00. Ada ya benki inatoa 1,500.00, salio 352,700.00. Malipo ya duka yanatoa 27,850.00, salio 324,850.00. Duka linarudisha 6,300.00, salio 331,150.00. Umeme unatoa 38,000.00, salio 293,150.00.

Programu ikisoma malipo ya duka kuwa 21,850.00, G itatoa 6,000 kwenye mstari huo mmoja tu. Tofauti yenye tarakimu moja na sifuri nyuma yake hudokeza tarakimu moja iliyosomwa vibaya. Hapa 7 imegeuka 1, na 3 na 8 nazo hugombana vivyo hivyo. Yale marejesho yakitua upande wa debiti, G itatoa -12,600, yaani mara mbili ya 6,300 kamili. Ukiona mara mbili ya kiasi cha mstari, usiguse tarakimu, hamisha safu. Salio ndilo likisomwa vibaya, mistari miwili inayofuatana hukataa kwa kiasi kilekile, mmoja kwa kujumlisha na mwingine kwa kutoa. Na muamala mzima ukirukwa, tofauti inalingana na muamala uliokosekana, basi rudi kwenye picha uutafute.

Mwisho wa ukurasa krediti ni 456,300.00 na debiti 247,350.00. Ukianza na 84,200.00 unafika 293,150.00. Lakini usiridhike na jumla hiyo peke yake, maana makosa mawili yanaweza kufutana. G ya kila mstari ndiyo ushahidi.

Makundi yaje baada ya G yote kuwa 0, si kabla. Tumia maneno yaliyomo kwenye maelezo: "umeme" huenda Nyumba, "ada" huenda Benki. Anza na maneno marefu ndipo yaje mafupi, kwa sababu "ada ya shule" ikikutana na "ada" kwanza, itaishia Benki. Usichokitambua kiitwe Haijulikani. Afadhali mistari mitano ya Haijulikani kuliko mitano ya kubahatisha.

Marejesho ya duka si mapato. Yape kundi lileule la Manunuzi, ila yabaki safu ya krediti:

```
=SUMIFS(D:D,C:C,"Manunuzi")
=SUMIFS(E:E,C:C,"Manunuzi")
```

Utapata 27,850 na 6,300, kila kimoja mahali pake. Ukichanganya safu mbili kuwa moja yenye alama za kujumlisha na kutoa, utaona 21,550 tu na hutajua kamwe kwamba kuna kitu kilirudishwa. Uhamisho kati ya akaunti zako mwenyewe nao uwe na kundi lake, usihesabiwe mapato wala matumizi.

Na kwa wanaojua uhasibu: debiti ya kwenye taarifa imeandikwa kwa jicho la benki, ambayo pesa zako kwake ni deni. Ukiingiza kwenye daftari lako la biashara, pesa iliyotoka benki ni krediti kwenye akaunti ya benki. Geuza wakati huo, usigeuze kwenye jedwali hili, la sivyo G itakataa kila mstari wenye pesa.