Mshahara wa nyumba unapimwa kwa mwezi wa Mei

Mimi ni fundi cherehani, baba watoto ni fundi rangi, na tunaishi Morogoro na watoto wawili. Hakuna kati yetu anayejua mwezi ujao ataingiza kiasi gani. Kwa miaka mingi tulikuwa tunapanga bajeti kila mwanzo wa mwezi kwa kutazama kilichopo mkononi. Desemba tulikula vizuri, tukanunua viti. Mei tulikopa kwa simu ili kununua unga. Nilidhani tatizo letu ni kipato kidogo. Siku nilipokaa na daftari la mwaka mzima ndipo nilipoona kwamba mara nyingi hela ilikuwa imepita mikononi mwetu, ila ilipita mapema mno.

Haya ndiyo mapato yetu ya mwaka 2025, wote wawili pamoja, baada ya kutoa vitambaa, nyuzi, zipu, brashi, kodi ya fremu na nauli za kazini. Nayaandika kwa maelfu ya shilingi ili yasomeke kirahisi. Januari 640, kwa sababu ya sare za shule. Februari 390. Machi 810, maana Idi el-Fitri ilikuwa tarehe 31 na kila mama alitaka nguo ya mtoto. Aprili 260, Mei 240: masika, hakuna anayepaka rangi nyumba kwenye mvua, na nguo za Idi watu wameshashona. Juni 520, Julai 480, Agosti 450, Septemba 430, Oktoba 410, Novemba 470. Desemba 900.

Ukijumlisha unapata milioni 6 kamili, yaani wastani wa laki 5 kwa mwezi. Hapo ndipo wengi tunapojikwaa. Mtu anasema, "Mimi wastani wangu ni laki tano," anapanga nyumba na shule ya watoto kwa laki tano. Lakini tazama tena hiyo orodha. Miezi iliyovuka laki 5 ni minne tu: Januari, Machi, Juni na Desemba. Miezi minane yote iko chini. Wastani umevutwa juu na sikukuu.

Nilijaribu kwenye daftari: tuseme tulianza Januari bila akiba, na kila mwezi nyumba inatumia laki 5. Machi ingeisha tukiwa na 340,000 za ziada, na tungejiona tumefaulu. Aprili zingebaki laki 1. Mei tungekuwa na deni la 160,000. Tangu hapo tusingetoka kwenye deni. Lingepanda polepole hadi laki 4 mwishoni mwa Novemba, kisha Desemba ingelifuta lote na kutuacha na sifuri. Kwenye karatasi mwaka umesawazika. Kwenye maisha ni miezi saba ya kukopa, tena kwa riba, na riba hiyo haimo hata kwenye hesabu yangu.

Kwa hiyo tuliacha wastani, tukaanza kujilipa mshahara. Hela yoyote inayoingia, yangu au yake, haiendi jikoni. Inaingia kwenye akaunti moja tunayoiita ghala. Tarehe 1 ya kila mwezi ghala linailipa nyumba kiasi kilekile, iwe Desemba au Mei. Mume wangu alilikubali jina hilo haraka kuliko mimi, maana amekulia Kilosa kwenye familia ya wakulima: mahindi yanavunwa mara moja, yanapimwa kwa debe hadi msimu mwingine.

Kiasi gani? Hili ndilo swali lenye kazi. Sisi tulianza na 430,000. Tuliipata kwa kujaribu namba kadhaa kwenye daftari lilelile la miezi 12, tukishuka kutoka laki 5 kidogo kidogo, hadi tukapata inayovuka masika na kubakiza kitu. Kwa 430,000, Machi inaisha ghala likiwa na 550,000. Aprili linashuka hadi 380,000, Mei hadi 190,000, halafu Juni linaanza kupanda. Halifiki sifuri hata mara moja, na Desemba inafunga likiwa na 840,000. Tofauti kati ya kuishi kwa laki 5 na kuishi kwa 430,000 ni shilingi 70,000 tu kwa mwezi, lakini moja inakuweka kwenye deni zaidi ya nusu ya mwaka na nyingine haikuweki kabisa.

Kuna namba ya pili unayopaswa kuijua, nayo ni kina cha shimo lako. Chukua mshahara uliojipangia, tafuta miezi inayofuatana ambayo mapato yako chini yake, jumlisha pengo la kila mwezi. Kwetu Aprili inapungua 170,000 na Mei 190,000, jumla 360,000. Hiyo ndiyo akiba ambayo lazima iwe ghalani kabla mvua hazijakolea. Ndiyo pia inayokuambia uanze lini. Ukianza utaratibu huu tarehe 1 Aprili bila kitu, utavunjika mwezi uleule na utasema mfumo haufai. Anza mara tu baada ya mwezi wako mnono. Sisi tulianza Januari, mshahara wa kwanza ukitoka kwenye hela za Desemba.

Mshahara wenyewe tunaugawa hivi. Kodi ya nyumba ni 70,000 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mpigo, hivyo kila tarehe 1 hizo 70,000 zinahamia kwenye laini nyingine ambayo hatuitumii kwa kitu kingine chochote. 130,000 ni chakula cha jumla: unga, mchele, maharage, mafuta, sukari, sabuni, vinanunuliwa siku hiyohiyo au kesho yake. Nasisitiza hili kwa sababu unga ulioko ndani hauwezi kutoka kwa mchango wa ghafla, hela iliyoko kwenye simu inaweza. Hela ya mboga ni 3,000 kwa siku. Naitoa kila Jumatatu, 21,000 kwa wiki, si kwa mwezi mzima. Inayobaki inalipa LUKU, maji, gesi, mahitaji ya shule, dawa, na fungu la michango.

Fungu la michango liwepo, tafadhali. Niliwahi kuandika bajeti isiyo na harusi wala msiba, na kila mwezi ilivunjika. Sasa tuna 30,000. Ikiisha, simwambii mtu sina, namwambia, "Dada, ya mwezi huu nimeshaitoa, niandikie ahadi, nitaleta baada ya tarehe moja." Kamati ya harusi inaelewa ahadi kuliko inavyoelewa maelezo. Msiba wa ndugu wa karibu ni jambo jingine. Huo unatoka ghalani, na tunaurekodi kama mkopo ambao nyumba itaulipa mwezi mnono unaofuata.

Kosa lililoniumiza kuliko yote ni advansi. Mteja mmoja alinipa 180,000 za kushonea sare za harusi ya dada yake. Nikaziandika kama mapato, zikaingia ghalani, sehemu ikaliwa. Harusi ikaahirishwa, akaja kudai hela yake, na alikuwa na haki. Niliirudisha kwa kuuza kitambaa nilichokuwa nimekinunua kwa ajili ya mtu mwingine. Tangu siku ile advansi inakaa peke yake. Natoa humo hela ya kitambaa na nyuzi za kazi hiyo tu. Hela ya ufundi nalipwa siku nguo inapochukuliwa, na siku hiyo ndipo hela inaingia ghalani. Fundi rangi vilevile: hela ya ndoo za rangi anayopewa na mwenye nyumba si yake, hata ikilala mfukoni mwake wiki nzima.

Jambo jingine ni majaribu ya Machi na Desemba. Ghala linapojaa, kila mtu ndani ya nyumba analiona. Desemba ya kwanza baba watoto aliniuliza, "Mama, hela ipo, tumekaa tunaitazama tu?" Sikuwa na jibu zuri siku ile. Baadaye tulikubaliana kanuni: ghala likizidi mara mbili ya kina cha shimo, yaani 720,000, ziada inaweza kutoka, na itoke kwa kitu kinachopunguza gharama za mbele, kama kulipa kodi mapema au kufanyia matengenezo cherehani. Chini ya hapo haiguswi. Kwa hiyo kwa hesabu ya daftari letu, Desemba yenye 840,000 ingeruhusu kutoa 120,000, si zaidi. Hela tunazihamishia ghalani mara moja kwa wiki, Jumamosi jioni, kwa sababu kuhamisha kidogo kidogo kila siku kunaliwa na makato.

Kama uko kwenye kikundi cha hisa, kubali idadi ya hisa unayoweza kuinunua Mei, si Desemba. Vikundi vingi vinaruhusu kununua hisa moja hadi tano kwa kikao. Mimi nanunua moja kila wiki, na mwezi mnono naongeza. Nilipoahidi tatu, nilikuwa nalipa faini masika yote.

Utajuaje mambo yanaharibika kabla hayajaharibika? Tazama salio la ghala tarehe 31 Machi. Kwetu likiwa chini ya 360,000, mshahara wa Aprili unapungua palepale. Ukisubiri hadi Mei, pengo lote litabebwa na mwezi mmoja.

Asiye na rekodi ya mwaka aandike miezi mitatu, achukue ule wa chini kabisa uwe mshahara wa muda, kisha arekebishe kila baada ya miezi mitatu. Na mtu akikuta kwamba kiasi kinachovuka shimo hakitoshi kodi na unga, daftari limemwambia jambo jingine: chumba ni ghali mno kwake, au inahitajika kazi ya pili ya masika. Kubana hela ya mboga hakutaziba pengo hilo. Sisi kwa kazi ya masika tumeanza kurekebisha nguo na kubadilisha zipu, kazi ndogo zisizosubiri sikukuu.

Rekodi ya mwaka jana nayo usiifuate mwezi kwa mwezi kama kipato chako kinategemea Idi. Mwaka 2024 Idi el-Fitri ilikuwa tarehe 10 Aprili, 2025 ikawa 31 Machi, na kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja hivi. Ifikapo 2028 itaangukia mwishoni mwa Februari, wakati masika yatabaki palepale. Hela ya Idi itaingia mapema zaidi, na kutoka hapo hadi Juni itakuwa miezi mitatu badala ya miwili. Kwa hiyo shimo la mwaka huo nimeanza kulihesabu kwa miezi mitatu, na akiba ya kuvukia masika tunaiongeza kidogo kila Desemba.