Strangoli si stradoli ya bei nafuu

Wadogo zangu, wiki hii nimewaona watatu kati yenu mkinunua strangoli siku moja kabla ya matokeo ya robo mwaka, na sababu yenu ilikuwa moja: "ni nusu ya bei ya stradoli." Nimekaa kimya mara ya kwanza na ya pili. Leo nasema, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, na yalinigharimu dola 4,000.

1. Anzeni na hesabu ya siku ya kuisha. Hisa iko 100, zimebaki siku tisa. Koli, yaani haki ya kununua hisa, na puti, yaani haki ya kuiuza, zote kwa straiki, bei iliyopangwa, ya 100, kwa pamoja zinauzwa 8, hiyo ndiyo stradoli. Koli ya 105 na puti ya 95 zinauzwa 4, hiyo ndiyo strangoli. Ili ilete faida, stradoli inahitaji hisa ipite 108 au ishuke chini ya 92. Strangoli inahitaji ipite 109 au ishuke chini ya 91. Umeona? Uliyelipa nusu ndiye unayehitaji mwendo mrefu zaidi. Tena ukilinganisha moja kwa moja, strangoli inaishinda stradoli pale tu hisa inaposogea chini ya 4, yaani pale ambapo wote wawili mmepoteza, ila wewe umepoteza kidogo zaidi.

2. Msiongeze idadi kwa sababu bei ni ndogo. Hapa ndipo nilipoumia.

Nilikuwa na dola 4,000 za biashara hiyo. Zingetosha stradoli tano, kila mkataba hisa 100. Nikaona strangoli kumi zinaingia kwenye fedha ileile, nikanunua kumi, nikalala nikijiona nimepata mara mbili. Matokeo yakatoka usiku, mazuri kweli, na asubuhi hisa ikafungua 105. Nilikuwa nimebashiri mtikisiko na mtikisiko umekuja! Nikafungua skrini: strangoli iliyonigharimu 4 ilikuwa na thamani ya 1.88 hivi. Nilidhani bei zimechelewa kuonekana. Nikasubiri, nikafungua tena, ni ileile.

Kilichotokea ni kwamba IV, kipimo cha mtikisiko ambao soko linautarajia, ilikuwa 64 kabla ya tangazo, na asubuhi ilikuwa 30. Sehemu kubwa ya premiamu niliyolipa ilikuwa bei ya kutojua, na sasa kila mtu alikuwa anajua. Puti ya 95 ilibaki senti moja au mbili. Koli ya 105 ilikuwa imefika tu mlangoni pa straiki yake, haina hata senti ya thamani halisi, na ile ya muda ilikuwa imenyonywa. Stradoli asubuhi hiyohiyo ingekuwa 5.60 hivi, kwa sababu koli yake ya 100 tayari ina 5 ndani. Ningepoteza asilimia 30. Mimi nilikuwa nimepoteza asilimia 53.

Ningeuza, ningetoka na 1,880. Sikuuza. Nilijiambia zimebaki siku nane na hisa inahitaji 4 tu zaidi. Ikazunguka hapohapo wiki nzima, ikafunga 104 siku ya kuisha. Strangoli zote kumi, sifuri. Stradoli tano zingenirudishia 2,000. Niliupata mtikisiko, nikakosa umbali, na umbali ndio nilioununua.

Kwa fedha sawa, strangoli mbili zinaipita stradoli moja pale tu hisa inaposogea zaidi ya 10. Kwa hiyo swali kabla ya kununua ni kama una sababu ya kutarajia zaidi ya 10, wakati soko lenyewe limeweka bei ya 8.

3. Tumieni oda ya bei maalumu, msinunue kwa bei ya soko. Pengo kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji kwenye straiki za mbali linakula sana.

4. Hakikisheni mnajua kama tangazo linatoka kabla soko halijafunguliwa au baada ya kufungwa. Yupo kijana wangu, nampenda sana, aliyenunua saa chache baada ya tangazo kutoka.

5. Bei ya stradoli ndiyo makadirio ya soko ya mwendo. Chukueni matangazo nane yaliyopita ya kampuni hiyohiyo, andikeni hisa ilisogea asilimia ngapi kila mara kutoka kufunga hadi kufungua, na pembeni bei ya stradoli ya leo kama asilimia ya hisa. Mnanunua 8, kama ilivuka 8 mara mbili tu kati ya nane, mimi sinunui stradoli wala strangoli. Kama ilivuka mara tano, na mara tatu kati ya hizo ilivuka 10, hapo njoo tukae tuzungumze kuhusu strangoli.