Mbwa aje ukimwita hata kama pembeni kuna vichwa vya sangara

Huku kwetu mbwa wengi ni wa kulinda, mchana yuko bandani usiku anafunguliwa, sasa siku akichomoka geti limeachwa wazi ndo unaona mtu mzima anakimbia na kandambili anaita jina la mbwa mpaka sauti inakauka, na mbwa anamwangalia tu. Mbwa huyo si kiburi. Ndani ya uzio anakuja vizuri, ila hajawahi kufundishwa kuja akiwa mbali, na hajawahi kabisa kufundishwa kuja wakati kuna kitu kitamu kuliko wewe. Hayo ni masomo mawili tofauti na ukiyachanganya siku moja umeharibu.

Wangu anaitwa Simba, chotara tu wa mtaani, tunakaa Nyegezi hapa Mwanza na jioni tunashuka mwaloni, pale ufukweni wavuvi wanaposhusha samaki, upande wa Luchelele. Mwaloni kuna dagaa wameanikwa, kuna utumbo wa samaki, kuna yale makorongo makubwa yenye mfuko shingoni, kuna watoto na mbuzi. Kwa mbwa hakuna mtihani mgumu kuliko huo, kwa hiyo nitaeleza jinsi tulivyofika pale tukitokea sebuleni.

Kwanza ishara. Mi natumia filimbi ya plastiki, ile ya refa, napiga mara mbili fupi. Upepo wa ziwani unakula sauti ya mtu, na filimbi haijui kama umekasirika, inalia vilevile kila siku. Ukipenda neno ni sawa, ila chagua ambalo hulitumii ovyo, maana "njoo" nyumbani wanaambiwa watoto, dada, bodaboda, kila mtu, na mbwa kashazoea kwamba halimhusu.

Ndani ya nyumba unapiga filimbi, papo hapo unampa kitu, hata kama yuko miguuni kwako. Unarudia hivo siku kadhaa mpaka ukipiga anageuka kichwa haraka kabla hajakuona umeshika nini. Malipo yasiwe ugali, ugali anaupata bure kwenye bakuli. Dagaa wakavu wanafaa sana na ni bei rahisi, tafuta wasio na chumvi, waoshe maana wengine wanaanikwa chini wanajaa mchanga, kisha wakaushe tena. Kwa sehemu ngumu weka maini ya kuchemsha ukakata vidogo kama ukucha wa kidole kidogo, hayo asiyapate kwa sababu nyingine yoyote. Na mfuko uwe nyuma ya mgongo, mbwa anajifunza haraka sana kuangalia mkono wako kwanza ndo aamue kama inalipa kuja.

Sasa umbali. Nenda Mwaloni Kirumba au duka lolote la vifaa vya uvuvi ununue kamba nyepesi ya mita 10, baadaye mita 20, ifunge kwenye mkanda wa kifuani, siyo shingoni, kwa sababu mbwa akikimbia kamba ikafika mwisho shingo ndo inapokea kishindo chote. Usiizungushe mkononi, itakuchuna ngozi au kukuvunja kidole, iache iburuze chini wewe uikanyage pale inapohitajika. Kazi ya kamba siyo kumvuta aje. Kazi yake ni kuhakikisha hawezi kujilipa mwenyewe kwa kwenda kule alikotaka.

Uwanjani penye utulivu anza mita 2, halafu 5, halafu 10. Kipimo changu ni hiki, nikipiga filimbi mara kumi anakuja mbio walau mara nane kwa mlio wa kwanza, naongeza. Akija chini ya hapo narudi nyuma hatua moja. Mlio ni mmoja tu. Ukipiga ukarudia ukarudia unamfundisha kwamba wa kwanza hauna maana, asubiri wa nne. Asipokuja usipige tena, shika kamba, msogelee taratibu, muonyeshe dagaa puani, rudi kinyumenyume naye akufuate, malizia hapo kwa malipo kidogo na jaribio linalofuata liwe rahisi zaidi.

Hapa ndo wengi wanakwama, kwenye vishawishi. Mbwa anakuja mita 20 uwanja mtupu, mtu anafurahi, kesho anampeleka mwaloni anamwita mita hizohizo 20 huku mbwa pua iko kwenye kichwa cha sangara. Haiwezekani. Ukiongeza kishawishi, umbali kati yako na mbwa ushushe mpaka karibu sifuri, unaanza upya mita 2. Na kuna umbali wa pili ambao watu hawaufikirii, ule kati ya mbwa na kishawishi chenyewe, huo uanze mkubwa.

Sisi tulianzia juu barabarani, mwalo unaonekana kwa mbali na harufu inafika tu kidogo, kamba fupi, Simba yuko hatua mbili mbele yangu. Nilikuwa naangalia masikio na mdomo. Akiangalia kule halafu sikio moja linanirudia, anatafuna dagaa vizuri, tuko sawa, napiga filimbi. Akikakamaa, mdomo umefungwa, macho hayapepesi, nikimpa ini analiacha lidondoke chini, hapo filimbi haipigwi kabisa, maana hasikii, tunarudi nyuma mpaka aweze kula. Mbwa mwenye afya na njaa akikataa ini ujue mmesogea mno. Basi tukawa tunashuka kidogokidogo, tukifika karibu zaidi kamba inafupishwa, pakizoeleka inarefushwa tena, halafu ndo tunashuka tena.

Mama mmoja anayeanika dagaa pale alinicheka sana, "We baba Simba, mbwa anakula maini sisi tunakula mchicha!" Lakini yeye ndiye aliyenisaidia hatua ya mwisho, alikuwa anashika ndoo yenye vichwa vya samaki na mfuniko juu. Simba ananusa ndoo, napiga filimbi nikiwa mita 3, akigeuka analipwa ini, halafu namwambia "haya nenda" anarudi kunusa. Hiyo ya kumruhusu arudi ina nguvu kuliko ini lenyewe, kwa sababu mbwa anagundua kuja kwako hakumalizi raha. Kama kila ukimwita unamfungia bandani, au unamwogesha, au unampiga kwa alichofanya dakika tano zilizopita, atahesabu na ataacha kuja. Kwenye mara nyingi unazomwita, nyingi ziishie kwa kuachiwa tena. Na akifika mshike mkanda kidogo kabla ya kumpa, wapo mbwa wanaokuja mpaka hatua moja kisha wanacheza kukimbiana na wewe.

Vichwa vya samaki vyenyewe simpi, mifupa ya sangara ni migumu na inakwama kooni.

Mbuzi ni habari nyingine. Kitu kinachokimbia kinamwamsha mbwa kuliko kitu kinachonuka, na mbwa aliyeshaonja raha ya kukimbiza ni mgumu mno kumrudisha akishaanza, unatakiwa kupiga filimbi pale anapoinua kichwa tu. Simba kwa ndoo ya samaki sasa namwachia bila kamba, kwa mbuzi bado ana kamba ya mita 20 na sijui kama itatoka. Karibu na lami ana kamba pia, na kwenye matete ambako watu wanasema kuna mamba au kiboko hatuendi, hata filimbi iwe nzuri vipi. Kila baada ya muda tunarudi uwanjani, mita 5, ini mkononi, kama mbwa mgeni.