Picha za ofisi ya pamoja: dirisha la kaskazini katika mwezi wa Julai

Swali: Assalaam alaykum. Nakodisha meza za kazi katika ofisi ya pamoja, ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani hapa Vuga. Chumba kina madirisha manne yanayotazama kaskazini, kila moja lina upana wa sentimita 90, na kuta zina unene wa sentimita 60. Kabla ya Julai kwisha nataka picha za brosha ya wapangaji wapya, zenye mwanga wa dirisha, mimea na watu wakiwa kazini. Nimesoma kwamba dirisha la kaskazini lina mwanga laini siku nzima, lakini mchana meza zangu za dirishani zina vipande vya jua kali. Nilipiga kwa f/11, ISO 100 na nusu sekunde, watu wakatoka na ukungu. Nilipowaambia watulie, wametoka kama masanamu. Nifanye nini?

Jibu: Waalaykumu salaam. Ulichokisoma ni kweli kwa nchi zilizo mbali kaskazini mwa ikweta, ambako jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Unguja iko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo tangu mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua letu la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na Julai ni katika miezi ambayo limesogea huko zaidi. Chumba chako kingekuwa na mwanga laini wa kutwa nzima Disemba au Januari, wakati jua limehamia kusini. Kwa sasa chumba cha namna hiyo ni kile chenye madirisha ya kusini, na kama unacho katika nyumba hiyo hiyo, basi hamishia picha huko na tatizo la jua limekwisha.

Kama huna, ukuta wako mnene utakusaidia kuliko pazia lolote. Jua linapokabili dirisha moja kwa moja hupita hadi mezani, lakini kadiri linavyokwenda pembeni ndivyo unene wa ukuta unavyolikinga. Kwa dirisha la sentimita 90 ndani ya ukuta wa sentimita 60, jua likishapotoka zaidi ya nyuzi 56 hivi kutoka mkabala wa dirisha, miale yote huishia kwenye ubavu wa dirisha na hakuna hata mmoja unaofika chumbani. Katika siku za mwisho za Julai hali hiyo hutokea asubuhi hadi karibu saa nne kasorobo, kisha tena kuanzia kama saa tisa na robo alasiri. Ubavu huo ukiwa umepakwa chokaa nyeupe, jua linaloupiga hugeuka mwanga mpana na laini unaoingia chumbani kwa mshazari, na huo ndio mwanga unaoutaka. Ukiwa umepakwa rangi ya kahawia au kijani iliyokoza, mwanga mwingi utapotelea hapo, na mkebe mmoja wa rangi nyeupe isiyong'aa utakufaa kuliko taa ya kukodi.

Mimi ningechagua alasiri, kati ya saa kumi na robo na saa kumi na moja na nusu. Watu wamekwisha rudi kutoka sala ya alasiri, kazi za siku bado zinaendelea, na ukuta wa nyumba ya ng'ambo ya njia, ule unaotazama madirisha yako, uko kivulini kwa sababu unatazama kusini. Hili la mwisho lina uzito wake: ukuta mweupe uliopigwa na jua nje ya dirisha hutoka kwenye picha kama karatasi tupu, ilhali ule ulio kivulini huonyesha mawe yake, waya zake na milango yake. Siku moja kabla, nenda saa kumi kamili ukatazame meza za dirishani. Ukikuta ukanda wa jua hata wa upana wa kidole, subiri dakika chache mpaka utoweke, kisha uandike saa hiyo. Fungua mbao za madirisha mpaka zilale kwenye ukuta wa nje, kwa kuwa zikiachwa nusu huziba ubavu ule ule unaoutegemea.

Sasa tuje kwa masanamu yako. Watu hawakushindwa kuigiza. Kamera ndiyo iliyowagandisha. Mtu aliyeambiwa atulie kwa nusu sekunde huzuia pumzi, hukaza shingo na huacha vidole hewani juu ya kibodi, na mtazamaji huliona hilo hata kama hajui kulieleza. Dawa ni kuifanya kamera iwe na kasi ya kutosha ili mtu asihitaji kutulia. Nafikiri uliweka f/11 ili kila kitu kionekane vizuri tangu karibu hadi mbali. Kwa kamera ya fremu kamili yenye lenzi ya milimita 24 huhitaji kwenda huko: ukiweka f/5.6 na kulenga kitu kilicho umbali wa mita tatu na nusu hivi, kila kitu kuanzia takriban mita 1.7 hadi ukuta wa mwisho kitatoka safi. Kutoka f/11 kwenda f/5.6 mwanga unaoingia ni mara nne, kwa hiyo nusu sekunde inakuwa 1/8. Kupandisha ISO kutoka 100 hadi 800 ni mara nane zaidi, na 1/8 inakuwa 1/60. Chumba ni kile kile na mwanga ni ule ule, lakini sasa mtu anaweza kuandika, kugeuka kuzungumza na jirani yake au kuinua kikombe bila kuacha ukungu. Chembechembe za ISO 800 hazionekani kwenye ukurasa wa A4 uliochapishwa vizuri.

Usiondoe kamera kwenye stendi, hata kama 1/60 unaimudu kwa mkono. Utahitaji fremu ya pili kutoka mahali pale pale, kwa 1/500 bila kubadilisha kingine chochote, ili upate mandhari ya nje ya dirisha. Baadaye kwenye kompyuta utachukua vioo vya dirisha tu kutoka fremu hiyo na kuviweka juu ya ile yenye watu. Usivitie giza kupita kiasi. Dirisha la kweli hung'aa kuliko chumba, na picha ambayo nje na ndani vina mwanga sawa humfanya mpangaji ahisi kuna kitu kimefichwa. Kwa sababu hiyo hiyo usimkalishe mtu ambaye kichwa chake kinaangukia kwenye kioo, kwani kuunganisha fremu mbili kwenye ukingo wa nywele au mtandio ni kazi ya usiku kucha na mara nyingi huacha mstari mweupe. Kamera ikae kimo cha mita 1.2 hivi, usawa wa macho ya mtu aliyeketi, na iwe wima kabisa ili nguzo na fremu za milango zisiegemee. Zima taa zote za dari. Taa ya njano na mwanga wa dirisha zikikutana juu ya kanzu moja, bega moja litakuwa la njano na jingine la samawati, na hakuna marekebisho yatakayoridhisha pande zote mbili.

Kuhusu mimea, swali la kwanza mimi hujiuliza kama itakuwepo mpangaji atakapokuja kutazama chumba. Mimea mikubwa iliyoazimwa kwa siku moja humpa mtu sababu ya kutoamini picha zilizobaki. Chungu cha mrehani kwenye kizingiti cha dirisha kinaaminika, kwa sababu kila mtu hapa anaujua na kwa mwezi huu unapata jua lake. Mmea wa majani mapana ukae sakafuni, hatua mbili tatu kutoka dirishani, mahali ambapo mwanga unapita kati ya majani badala ya kuyapiga usoni. Futa vumbi kwa kitambaa kibichi, jani moja moja, kwa sababu vumbi ambalo jicho limelizoea huonekana wazi kwenye karatasi. Usiweke mmea chini ya nusu mita kutoka kwa mtu aliyevaa nguo nyeupe, maana majani hurudisha ukijani kwenye kitambaa na kwenye shavu. Pangaboi lizimwe wakati wa kupiga. Kwa kasi ya 1/60 mapanga yake hutoka kama ukungu, na majani na karatasi hucheza usivyotaka.

Chumba cha viti kumi kikiwa na watu watano kinatosha, kwa kuwa brosha inauza nafasi na nafasi lazima ionekane. Tumia wapangaji wako wenyewe, na vifaa vyao wenyewe, katika meza wanazozikalia kila siku. Kila mmoja apewe kazi ya kweli itakayochukua robo saa: huyu ahakiki ankara, yule asahihishe tafsiri, wawili wapange ratiba ya wageni wa wiki ijayo. Dakika kumi za kwanza piga tu bila kutegemea kitu, mpaka wazoee mlio wa kamera. Nitakuambia ninavyomtambua anayefanya kazi kweli: macho yake yako mahali ambapo mkono wake uko, au yako kwa mtu anayesema naye. Anayeigiza hutabasamu peke yake mbele ya kompyuta mpakato. Katika mazungumzo ya watu wawili, fremu nzuri huwa ni ile ambayo mmoja anasikiliza, kwa hiyo endelea kupiga hata maneno yanaponyamaza. Skrini ziwe zimewashwa, lakini ziwe na waraka usio na majina wala hesabu za mteja, na mng'ao wake upunguzwe hadi ukaribiane na wa karatasi iliyo kando yake.

Mavazi yawe yale wanayokuja nayo kazini. Ukipiga Ijumaa utapata kanzu nyingi, na hilo ni sawa. Ukitaka siku ya kawaida, chagua Jumatatu hadi Alhamisi. Waombe tu waepuke mashati ya mistari myembamba sana, ambayo hutengeneza mawimbi kwenye picha. Ridhaa iwe ya maandishi, itaje kwamba picha ni ya brosha na itatumika kwa muda gani, na iombwe kabla ya siku yenyewe, faraghani, ili anayekataa asione haya mbele ya wenzake. Kina dada wengine hukubali kupigwa kutoka nyuma au mikono tu. Chukua picha hizo kwa uangalifu ule ule: mkono unaoshika kalamu juu ya daftari, chai imefika nusu ya gilasi, na waya wa chaji umepita ukingoni mwa meza, huonyesha matumizi ya meza hiyo kuliko chumba kizima.

Mwisho, mwulize mchapaji mapema kama picha kubwa itatandazwa kurasa mbili za A4. Ikiwa ndivyo, inahitaji takriban pikseli 4961 kwa 3508, pamoja na milimita 3 za ziada kila upande za kukatwa, na katikati ambapo karatasi inakunjwa pasiwe na uso wa mtu. Acha hapo ukuta, mguu wa meza au mmea.