Ngazi itateleza nikifika wapi?

"Ngazi yangu ni mita 5, kilo 15, nimeiegemeza kwa nyuzi 60. Nina kilo 75. Nitapanda hadi wapi kabla haijateleza?"

Ndugu, chukulia ukuta ni laini na msuguano wa sakafu unafikia 0.3 ya uzito wote:

```
x = (0.3×90×5×tan 60° − 15×2.5) / 75 ≈ 2.6
```

Utaishia mita 2.6, nusu ya ngazi tu. Kila hatua unayopanda huongeza msukumo unaotaka kuchomoa mguu wa ngazi, ilhali msuguano una kikomo.

Sogeza mguu ubaki mita 1.3 kutoka ukutani, yaani nyuzi 75. Utafika juu kabisa. Lakini vigae vikilowa, 0.3 ikashuka hadi 0.2, itachomoka ukiwa mita 4. Hapo ufunge mguu kwa kamba kwanza, tafadhali.