Kabla hujaandika kwamba muziki "unasimulia"

Jumamosi iliyopita nilichukua rasimu zenu nne za kipeperushi cha onyesho lijalo, nikazisoma kwenye daladala wakati wa kurudi nyumbani. Tatu kati yake zinaanza kwa maneno yaleyale: "Katika kipande hiki mtunzi anasimulia..." Halafu kinafuata kisa: mapenzi, dhoruba, mchungaji, vita, ushindi. Nilipofika kituoni nilikuwa nimekasirika, na nilipofika nyumbani hasira ilikuwa imeisha, kwa sababu nilikumbuka nani aliyeanza kuandika hivyo katika okestra yetu. Ni mimi. Basi nawaandikia haya wote mnaoingia kwenye kazi hii ya maelezo, hasa nyinyi wa viola ambao kila mara mnasukumiwa kalamu.

1. Kwanza tafuta tarehe mbili: ya muziki na ya kisa.

Hili ningeweza kulimaliza kwa sentensi hiyo moja, lakini lilinigharimu, kwa hiyo vumilieni.

Miaka mingi nyuma tulipiga Les préludes ya Franz Liszt. Ni shairi la simfoni, yaani kipande kimoja cha okestra kinachokwenda bila kukatika, chenye jina au kisa kutoka nje ya muziki. Hiki huchukua kama robo saa. Nilipewa kuandika maelezo na kuyasoma jukwaani kabla hatujaanza. Kwenye nakala ya kondakta niliona jina la Lamartine, mshairi wa Kifaransa, ambaye kweli ana shairi lenye jina hilohilo la 1823. Nikatafuta tafsiri yake. Ndani nikakuta mapenzi, vita na maisha ya shamba. Nikasikiliza muziki: mwanzo wa kuuliza, tuni za mapenzi, dhoruba, sehemu ya kishamba yenye utulivu, kisha mwendo wa kivita na tarumbeta. Kila kitu kilikaa mahali pake. Nikaandika, kwa uhakika wa mtu aliyekuwepo, kwamba Liszt aliketi na shairi mbele yake akalifuata ubeti kwa ubeti. Nikaweka hata dakika, ili msikilizaji ajue mchungaji anaingia lini.

Wakati wa mapumziko mzee mmoja wa honi, aliyekuwa amekuja kutusaidia siku ile, alinivuta pembeni. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiyo dhoruba yako ni ya nani?" Nikamjibu ni ya Lamartine. Akatikisa kichwa. "Liszt alikuwa na kwaya nne kabla ya hapo, kwa maneno ya mshairi mwingine, Joseph Autran. Dunia, pepo za kaskazini, mawimbi na nyota. Muziki huu umetoka huko. Sasa kama ulianzia kwenye kwaya za upepo na bahari, dhoruba ile ni misukosuko ya maisha, au ni upepo tu?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kutafuta, nikakuta mzee yuko sahihi. Kwaya zile Liszt alizitunga kati ya 1844 na 1848. Kutokana nazo akatengeneza utangulizi wa okestra ili uzitangulie, kisha akaufanyia kazi tena, na ndipo ulipopata jina la Lamartine. Tarehe 23 Februari 1854 aliuongoza mwenyewe mjini Weimar kama shairi la simfoni, na mwaka 1856 ukachapwa. Ule utangulizi maarufu wa maneno uliomo kwenye chapa hiyo, unaouliza kama maisha si mfululizo wa vianzio vya wimbo usiojulikana ambao noti yake ya kwanza hupigwa na mauti, nao haukuandikwa na Lamartine. Kwa hiyo nilimvisha mshairi mmoja maneno ya mwingine, nikamweka Liszt kwenye kiti ambacho hakukaa, na nikavisoma vyote viwili kwa sauti mbele ya ukumbi uliojaa.

Kilichoniuma zaidi kilikuja baada ya onyesho. Mama mmoja alikuja kutushukuru, akasema, "Nilimsubiri mchungaji, sijui kama alipita." Alikuwa amekaa robo saa nzima na karatasi yangu mkononi akitafuta mtu ambaye hakuwepo. Zile honi nne zenye viola chini yake, mahali ambapo mimi hadi leo nasisimka nikipiga, zilimpita akiangalia saa. Na miaka minne baadaye kundi jingine lilipiga kipande hichohicho, nikakuta maelezo yangu yamenakiliwa kwenye kipeperushi chao, neno kwa neno, pamoja na dakika za mchungaji. Kosa la jukwaani huisha mwangwi ukiisha. Hilo la karatasi sijaweza kuliita lirudi.

Lakini msikimbilie upande wa pili mkamfuta Lamartine kabisa, kama alivyofanya mmoja wenu. Ni Liszt mwenyewe aliyeliweka jina lile, na alikuwa ameurekebisha muziki kabla ya kuutoa. Andika hivi tu: muziki umeanza kama utangulizi wa kwaya kwa maneno ya Autran, kisha mtunzi akauunganisha na shairi la Lamartine. Sentensi moja, na hakuna uongo ndani yake.

2. Mpigie shangazi yako bila kumwambia jina.

Mimi nilimpigia wangu rekodi ya Vltava ya Bedřich Smetana, kipande chenye jina la mto wa Ucheki. Mwanzoni fluti zinakimbia peke yake, klarineti zinajiunga, na nyuzi zinadonolewa hapa na pale. Kisha tuni kubwa inaingia juu ya mkimbio huo. Nilimuuliza anasikia nini. Akafikiri, akasema, "Cherehani." Kisha akaongeza, "Mtu anashona nguo ya mtu aliyesafiri."

Sikumsahihisha, maana hakukosea. Alisikia kitu kinachozunguka bila kuchoka na alisikia huzuni, na vyote viwili vimo. Mto ndio hauwezi kusikika hadi uambiwe ni mto. Smetana alilijua hilo, akaambia. Kwenye nakala aliandika vichwa: chemchemi mbili za mto, uwindaji msituni, harusi ya wanakijiji, mbalamwezi na ngoma ya nimfa wale mabinti wa majini wa hadithi, maporomoko ya Mtakatifu Yohane, kisha mto mpana unaopita ngome ya Vyšehrad mjini Prague. Aliutunga mwaka 1874, muda mfupi baada ya kupoteza usikivu kabisa. Maporomoko yenyewe yamezama chini ya maji ya mabwawa yaliyojengwa karne ya 20, kwa hiyo anayetaka kuyasikia leo hana budi kuja kwenye onyesho.

Hapa mna ruhusa ya kuandika "mto" bila woga, kwa sababu mtunzi ametia sahihi. Angalieni pia kwamba vichwa vile havifanyi kazi kwa njia moja. Mkimbio wa fluti unafanana na maji kidogo tu, na bila jina ni cherehani. Honi za uwindaji hazifanani na mnyama yeyote, zinaeleweka kwa kuwa wawindaji wa Ulaya walipuliza honi kwelikweli. Harusi nayo ni polka, ngoma ya Kicheki ya kucheza wawili wawili, na Mcheki wa wakati ule alikuwa ameshaicheza polka harusini. Msikilizaji wetu hajaicheza. Kwa hiyo maelezo ya neno "polka" yanamsaidia kuliko maelezo ya neno "mto", na hakuna hata mmoja wenu aliyeyaandika.

3. Sema kinachotokea kwa noti.

Rudini kwenye Les préludes. Baada ya nyuzi kudonoa noti ya do, inakuja hatua ya noti tatu: do inashuka nusu hatua hadi si, kisha inaruka juu hadi mi. Kushuka kidogo, kisha kuruka, kama mtu anayeuliza. Zikamateni hizo tatu, zipigeni kwa mdomo hadi mkazoea. Dakika mbili tatu baadaye zimebebwa na ala za shaba za chini, nzito na za fahari. Kisha zimelainishwa na kuwa tuni ya mapenzi. Baadaye, kwenye sehemu ya kivita, tuni za mapenzi zilezile zinarudi zikiwa zimevaa buti: noti ni zile, mwendo umebadilika, ngoma na tarumbeta zimeingia. Mwisho fahari ya mwanzo inarudi, na kipande kinafungwa.

Hiyo ndiyo hadithi ambayo muziki unaweza kuisimulia bila maneno: kitu kimoja kinapita katika hali nyingi na bado unakitambua. Hauwezi kukuambia ni nani, wapi, wala kwa nini. Mtu akijua kwamba mapenzi ya mwanzo ndiyo yaliyogeuka kuwa mwendo wa askari, ananyanyuka kitini. Hahitaji mchungaji.

Na kwa kuwa muziki haumtaji mtu, yeyote anaweza kuuchukua. Kuanzia 1941 redio ya Ujerumani ya Kinazi ilitangulizia taarifa za vita vya Urusi kwa mlio wa fahari uliochukuliwa kwenye Les préludes hii. Kuna Wajerumani waliokua wakisikia habari za vita katika tuni hiyo, wala si Autran wala Lamartine. Mzee wa honi aliniambia aliwahi kupiga na mwenzake mmoja ambaye hakuweza kuvumilia ukurasa ule. Wanaotunga mafumbo ya taarabu wanalijua jambo hili vizuri: ukishaimba, huchagui nani atasema ameimbwa yeye. Na bashraf, muziki wa ala tupu unaofungua usiku wa taarabu Zanzibar, haina kisa hata kimoja, watu wanaisikiliza kwa utulivu na hakuna anayeomba kijikaratasi.

4. Usiweke dakika. Kondakta akichelewa kidogo, karatasi yote inakuwa ya uongo.

5. Kisa kikitoka kwa mtunzi, sema kimetoka kwake. Kikitoka kwa mtu mwingine, mtaje. Kikitoka kwako, kiondoe. Na uangalie kama mtunzi alibadilisha msimamo. Mtunzi wa Kifaransa Berlioz aligawa kisa cha simfoni yake Symphonie fantastique kwa maandishi ilipopigwa mara ya kwanza mwaka 1830. Miaka ya 1850 alikuwa tayari kusema kwamba ikipigwa peke yake, majina ya sehemu zake tano yanatosha. Rasimu ya Vltava iliyoandikwa vizuri kuliko zote nne ni fupi, na mwandishi wake alikuja kuniomba msamaha kwa ufupi huo. Usiombe. Ongeza polka tu.

Jumamosi njooni saa tisa kamili, kabla ya wenye ala za shaba, tuzisome rasimu mpya kwa sauti. Kipeperushi changu cha zamani nimekibandika ndani ya mlango wa kabati la manoti. Dakika za mchungaji nimezipigia mstari kwa kalamu nyekundu.